Tuombe zabuni hii au tuiache?

*Mpendwa Mshauri,*

*Mimi na kaka yangu tuna kampuni ndogo ya kufunga na kutengeneza viyoyozi na vyumba vya baridi. Imetangazwa zabuni ya matengenezo ya miaka mitatu kwa taasisi yenye majengo kadhaa. Tumenunua kabrasha la zabuni na tumekwenda kuonyeshwa majengo. Siku hiyo zilijiandikisha kampuni saba, sisi tukiwemo, na mojawapo ndiyo inayofanya kazi hiyo sasa.*

*Kwa makisio yetu, mkataba mzima ni sawa na siku 1,500 za fundi kwa bei tunayotoza wateja, na tunategemea faida ya asilimia 12. Kuandaa zabuni kutakula kama siku 30 za kazi, ukijumlisha mafundi wetu wawili wakuu, mhasibu na mimi, na huku wateja wa kawaida wanatupigia simu. Tathmini ni alama 60 za ufundi na 40 za bei, kwa bahasha mbili. Asiyefikisha asilimia 70 ya alama za ufundi hafunguliwi bahasha ya bei. Uzoefu peke yake una alama 20, na anayezipata zote ni mwenye mikataba mitano inayofanana na huu. Sisi tunayo miwili kwa jina letu. Mingine mitatu tuliifanya chini ya mkandarasi mkuu.*

*Mwaka jana tuliomba zabuni 11 tukashinda 2. Kaka anasema asiyeomba hapati. Mimi nimechoka kukesha na makaratasi. Maswali ya ufafanuzi yanapokelewa kwa wiki moja tu kuanzia leo. Tuombe?*

*Dada wa Viyoyozi*

Dada yangu,

Kwa hali ilivyo leo, msiombe bado, lakini msiitupe pia. Kuna swali moja ambalo likijibiwa vizuri hesabu yote inageuka, na kulituma ni kazi ya nusu saa. Nitalifikia. Kwanza nikuonyeshe hesabu yenyewe, kwa sababu wewe na kaka yako mnabishana kwa hisia wakati tarakimu zote mmeshazishika mkononi.

Anza na gharama ya kuomba. Siku 30 za kazi si bure ati kwa kuwa mishahara mnalipa hata hivyo. Wanaoandika zabuni yenu ndio hao hao wanaoingiza fedha, na mtu ambaye chumba chake cha baridi kimekufa leo hawezi kusubiri mmalize kuandika. Anampigia fundi mwingine. Kwa hiyo kila siku ya fundi inayoishia kwenye karatasi ihesabuni kwa bei kamili mnayotoza. Mngekuwa na msimu mkavu, mafundi wamekaa tu, ningekuambia uihesabu kwa bei ndogo zaidi, pengine karibu na sifuri. Umesema simu zinalia, basi ni 30 kamili. Ongeza ada ya benki ya dhamana ya zabuni, vyeti vya kuhuisha, kuchapa na kufunga nakala. Nikisema hayo yote ni sawa na siku 6 za fundi nadhani sijakuonea. Jumla ni 36.

Fedha mliyonunulia kabrasha na siku mliyokwenda kuangalia majengo haimo humo. Hiyo imekwenda, muombe au msiombe. Najua kaka atasema "tumeshaingia gharama, tumalizie tu." Mwambie kinachoamuliwa ni siku 36 zilizobaki, ambazo bado ni zenu.

Sasa faida. Asilimia 12 ya siku 1,500 ni siku 180. Ukigawanya 36 kwa 180 unapata 0.2, maana yake mnahitaji angalau nafasi moja kati ya tano ya kushinda ili kuomba kusiwe hasara. Hapo ndipo wengi huishia, wakasema moja kati ya tano si mbaya, tujaribu. Mimi ile 180 siiamini, na wewe usiiamini mpaka umeikagua.

Angalia masharti ya malipo kwanza. Kama taasisi italipa siku 60 au 90 baada ya ankara, mtanunua gesi, vichujio na vipuri kwa fedha zenu au za mkopo kwa miezi miwili au mitatu mfululizo, na mtindo huo utaendelea miaka yote mitatu. Kisha kuna dhamana ya utekelezaji, ambayo mara nyingi huwa kati ya asilimia 5 na 10 ya thamani ya mkataba. Benki hutoza ada juu yake na mara nyingi hufungia sehemu ya fedha zenu hadi mkataba uishe. Hayo mawili tu yanaweza kumega asilimia moja au mbili bila mtu kufanya kosa lolote kazini.

La kutisha zaidi ni vipuri. Rudi kwenye jedwali la bei usome kama vipuri vinalipiwa pembeni au vimo ndani ya bei ya matengenezo. Vikiwa ndani, kompresa moja kubwa ya chumba cha baridi ikifa mwezi wa nne, faida ya miezi kadhaa imekwenda nayo. Na hapa kuna jambo ambalo hesabu za kawaida hazilioni: kampuni iliyopo sasa inajua ni kompresa ipi inaunguruma vibaya na ni ipi iliyobadilishwa juzi. Ninyi mmezunguka majengo kwa saa chache mkitazama maganda ya nje. Wao wakiweka bei, wameweka na ugonjwa wa mitambo. Ninyi mnaweka bei ya mitambo mnayoidhania. Ndiyo maana mgeni anayempiga mwenyeji kwa bei mara nyingi hushinda kwa sababu kuna kitu hakukiona, na hukiona akishasaini. Kwa hiyo faida mtakayoipata mkishinda ni ndogo kuliko faida mnayoiandika mkiwa bado mnaota. Mimi ningeishusha kutoka asilimia 12 hadi 9. Asilimia 9 ya 1,500 ni siku 135. Gawanya 36 kwa 135: mnahitaji nafasi ya asilimia 27 hivi, zaidi kidogo ya moja kati ya nne.

Shika hiyo 27. Swali lililobaki ni kama nafasi yenu halisi inafika hapo.

Mko saba. Kama hamna mnachojua zaidi ya hicho, kila mmoja ana moja kati ya saba, yaani asilimia 14. Sio wote saba watakaorudisha zabuni, hiyo kweli, na wako watakaoangushwa na cheti kilichokwisha muda au fomu isiyosainiwa. Lakini saba hao hawalingani. Badala ya kukisia, kaeni mchana mmoja mjifanye ndio kamati ya tathmini. Chukueni vigezo vya kabrasha mjipe alama, kisha mumpe alama na mwenyeji, bila huruma kwa upande wenu.

Nimejaribu kwa ulichoniandikia, na palipokosekana nimekisia. Uzoefu: mikataba miwili kati ya mitano inawapa 8 kati ya 20, mwenyeji ana 20. Wafanyakazi na vyeti vyao, tuseme ninyi 17, yeye 18. Mpango wa kazi, hapo nimewapendelea kidogo, ninyi 17 na yeye 16, kwa kuwa aliyezoea kazi huandika kwa uvivu. Jumla ni 42 kwa 54.

Asilimia 70 ya 60 ni 42. Mmekanyaga mstari wenyewe, bila hata alama moja ya ziada. Mjumbe mmoja akiona wasifu wa fundi wenu una pengo la miaka akakata alama moja, bahasha yenu ya bei inarudishwa ikiwa imefungwa vile vile, na siku 36 zimeishia hapo hata kabla bei haijatajwa.

Tuseme mmevuka. Mna upungufu wa alama 12 mbele ya mwenyeji. Kwa utaratibu uliozoeleka, mwenye bei ya chini hupata alama zote 40, na wengine hupata 40 mara bei ya chini gawanya kwa bei yao. (Hakikisha kabrasha lenu linatumia kanuni hiyo. Ziko nyingine, na zinabadili mambo.) Mkiwa ninyi ndio wa chini mna 40. Ili mwenyeji asiwapite, alama zake za bei ziwe chini ya 28, na ili ziwe chini ya 28, bei yenu lazima iwe chini ya asilimia 70 ya bei yake. Yaani mumpunguze kwa zaidi ya asilimia 30. Kwa faida ipi? Mmeniambia mna 12, na mimi nimeshaiita 9. Mwenyeji huyo angekuwa amezoea kutoza mno, labda. Hata hivyo hiyo ni kampuni moja tu kati ya sita zinazowakabili.

Ndiyo maana nasema kwa hali ya leo nafasi yenu haifiki hata ile asilimia 14, seuze 27. Haihitaji mtu kula njama ili mshindwe. Vigezo vyenyewe vimeshaamua. (Najua kila mtu akishindwa husema tenda ilikuwa na mwenyewe. Wakati mwingine ni kweli, na dalili huwa zimo ndani ya kabrasha: vipimo vinavyolingana na mtambo wa mtengenezaji mmoja tu, au muda mfupi kupita kiasi kwa kazi kubwa. Kwa ulivyonieleza sioni dalili hizo kwenu. Naona alama 12.)

Sasa lile swali. Mikataba mitatu mliyofanya chini ya mkandarasi mkuu inahesabiwa au haihesabiwi? Kabrasha nyingi huandika "mikataba inayofanana" bila kusema kama kazi ya mkandarasi mdogo imo. Nyingine hukubali ile sehemu tu uliyoifanya wewe mwenyewe, ili mradi uthibitishe kwa barua. Tumeni ombi la ufafanuzi kwa maandishi, kupitia njia iliyotajwa kwenye maelekezo kwa wazabuni, kabla wiki haijaisha. Kwa kawaida jibu hupelekwa kwa wote waliochukua kabrasha bila kutaja aliyeuliza, kwa hiyo andikeni kwa namna isiyowaanika. Kitu kama hiki kinatosha: "Kuhusu kigezo cha uzoefu, tunaomba ufafanuzi kama mikataba ambayo mzabuni aliitekeleza akiwa mkandarasi mdogo, na iliyothibitishwa kwa barua ya mkandarasi mkuu au ya mwenye mradi, itahesabiwa." Msiandike mna mingapi. Na katika barua hiyo hiyo ulizeni kama vipuri vimo ndani ya bei, ikiwa jedwali halisemi wazi.

Kabla jibu halijarudi, msiende benki kuomba dhamana na msimtoe fundi kazini. Kazi moja tu ifanyike: mtu mmoja asome orodha ya masharti ya lazima, yale ambayo ukikosa moja unatolewa, na ahakikishe mnayo yote. Mauzo ya mwaka yanayotakiwa, hesabu zilizokaguliwa za miaka iliyotajwa, leseni, barua ya mtengenezaji. Hiyo ni asubuhi moja. Mkikuta mmekosa hata moja ambayo hamuwezi kuipata kabla ya siku ya mwisho, mambo yameisha, hata jibu la ufafanuzi hamlihitaji.

Jibu likiwa ndiyo, uzoefu wenu unapanda hadi 20 na jumla inakuwa 54 kwa 54. Hapo mnakuwa kwenye mashindano ya kweli, na bei ndiyo itaamua kwa pointi ndogo ndogo: aliyezidi bei ya chini kwa asilimia 5 hupoteza kama alama 2. Wakirudisha zabuni halali wanne kati ya saba, na ninyi mkiwa sawa na aliye bora, ningewapa nafasi ya moja kati ya nne, labda zaidi kidogo. Mwenyeji bado anajua mitambo kuliko ninyi. Mnaona basi kwamba hata jibu zuri linawafikisha ukingoni tu mwa ile 27.

Kinachoweza kuwavusha ni kupunguza gharama ya kuomba, sio kujidanganya kuhusu nafasi. Siku 30 ni nyingi kwa kampuni iliyoomba zabuni 11 mwaka jana. Nahisi mnaandika upya kila mara. Wasifu wa mafundi, maelezo ya kampuni, mpango wa usalama kazini, barua za wateja, hayo yanapaswa kuwa kwenye jalada moja lililo tayari, yakirekebishwa kidogo tu kila zabuni. Mkiweza kushuka hadi siku 20, gharama nzima inakuwa 26, na 26 gawanya kwa 135 ni asilimia 19. Kwa nafasi ya moja kati ya nne, hapo mimi ningeomba. Siku zilizobaki zitumieni pale zinapoleta tofauti: kupata barua tatu za kuthibitisha mikataba ile, na kurudi kwenye majengo, kama taasisi inaruhusu, kusoma vibandiko vya mitambo na kuandika umri wa kila kompresa. Hilo ndilo litakalowaambia kama ile 9 ni 9 au ni 3.

Mkifika katikati mkagundua bei haitoki, acheni kabla ya siku ya kufungua. Zabuni inaweza kuondolewa kabla ya muda wa mwisho bila adhabu. Ukijitoa baada ya hapo, katika kipindi ambacho zabuni bado ni hai, kwa kawaida dhamana inachukuliwa.

Kuhusu kaka. Hoja yake ni ya kweli nusu, na nusu nyingine imo kwenye zile 11 za mwaka jana. Usimwonyeshe 2 kwa 11, ambayo ni asilimia 18, kwa sababu namba hiyo imechanganya mambo mawili. Zigawe: zile ambazo mnunuzi alikuwa anawafahamu kabla, na zile ambazo mlikuwa wageni kabisa. Nitashangaa kama zile mbili mlizoshinda hazikutoka fungu la kwanza. Ikiwa ni hivyo, fungu la kwanza huenda lina moja kati ya mbili au tatu, na la pili lina sifuri. Zabuni chache hivyo hazithibitishi kwamba kwa wageni hamtashinda kamwe, lakini zinatosha kumzuia mtu kusema "tunashinda karibu moja kati ya tano" anapotaka kuingia mahali ambapo hamjulikani. Zabuni hii iko fungu lipi? Kama mmewahi hata kuwatengenezea kiyoyozi kimoja, niambie, maana hilo nalo lina uzito.

Na jibu likirudi hapana, usiandike zabuni ya kutimiza wajibu. Angalia kama kabrasha linaruhusu ubia na kama uzoefu wa wabia hujumlishwa. Sio yote yanayokubali, na mengine humtaka mbia kiongozi awe na sehemu kubwa yeye peke yake. Lakini kabla ya ubia mpigie simu yule mkandarasi mkuu mliyefanya chini yake ile mikataba mitatu. Ana uzoefu unaowapungukia ninyi, ninyi mna mafundi wa vyumba vya baridi, na huenda yeye ni mmoja wa wale saba. Mkiingia kama mkandarasi wake mdogo, kazi yenu ni kumpa bei ya sehemu yenu na wasifu wa mafundi wawili. Hizo ni siku mbili au tatu badala ya 30, na faida hata ikiwa nusu, siku 67 hivi, mnahitaji yeye ashinde mara moja tu kati ya ishirini ili mrudishe mlichotumia. Mfikie Jumatatu, kabla hajapata fundi mwingine.